"Niache nilale humu mpaka Luku"

Wiki hii nimeyasikia maneno hayo mara tatu hapa Bukakata, Uganda, ninapopanga magari kwenye feri ya kwenda Luku, na aliyenimaliza kabisa ni mzee mmoja mwenye Premio: "Kijana, handibreki nimevuta, niache nilale humu mpaka Luku." Watu wanaamini mahali salama kwenye feri ni ndani ya gari, vioo juu, na kwamba handibreki peke yake inatosha.

Haitoshi. Feri ikigusa nchi kavu haisimami taratibu kama basi. Inagota, na mshtuko huo unafika kwenye tairi. Mzee alikuwa ameacha gia huru na waya wa handibreki yake umelegea. Tulipogota Luku, Premio ilisogea mbele kama upana wa kiganja, ikagonga bampa ya pikapu ya matoke. Alishukuru pikapu ilikuwepo. Kwa gari la kwanza mstarini, kilicho mbele ni mlango wa feri, kisha maji.

Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya Likoni ikiwa majini. Mama na binti yake walikuwa ndani, wote wakafa. Gari likizama, maji yanausukuma mlango kwa nje mpaka hufungui. Na hata lisipozama, tunayapanga magari kwa kubanana. Ukichelewa kutoka, mlango wako utagota kwenye lori.

Kwa hiyo: zima injini, vuta handibreki, tia gia ya kwanza. Kwa otomatiki, mguu ukiwa kwenye breki weka N, vuta handibreki, achia mguu, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kipini kidogo ndani ya gia. Kisha shuka, funga, nenda kwenye viti vya abiria. Mtoto amelala? Mbebe. Baridi ya ziwa haijaua mtu.

Wengine husema aliyewahi foleni ndiye anayeingia kwanza. Mara nyingi ndiyo, lakini lori la mbao likifika nyuma yako naweza kuliita kabla yako, likae katikati, nanyi wadogo mkae pembeni. Uzito ukilalia upande mmoja, feri inainama. Usinipigie honi.

Pia kuna wanaosubiri kwenye mteremko wenyewe, pua karibu na maji, ili wasipitwe. Wanaoshuka watapitia wapi? Baki juu, nyuma ya gari la mwisho, na abiria wako washuke hapo waingie kwa miguu.

Na jamani, mlango wa feri haupandwi kwa kasi. Gia ya kwanza, usukani umenyooka, macho kwangu. Ukiruka, bampa ya mbele inabaki Bukakata.