Kanyeshewa jana, mafua kayapata juzi

Kuanzia Juni hivi, kipupwe kikishaingia, maonyo hurudi nyumbani kama kawaida. "Mwanangu, usitoke na nywele mbichi." "Zima hiyo feni, utaamka na mafua." Ndani ya daladala nako, tone la kwanza la mvua likianguka madirisha yote hufungwa, na anayeacha lake wazi huambiwa anawaletea wenzake maradhi. Kwa bibi anayemfunika mjukuu wake sina ugomvi wowote. Dirisha lile la daladala ndilo linalonisumbua, maana watu wanajikinga na upepo, kisha wanakaa nusu saa wakivuta pumzi moja na mtu wa kiti cha nyuma anayekohoa.

Mafua ni maambukizi ya virusi. Viko zaidi ya aina 200 vinavyoweza kuyaleta, na vinavyoongoza ni vile vinavyoitwa rinovirusi, ambavyo peke yake vina aina zaidi ya 160. Ndiyo sababu mtu huugua mafua, akapona, na baada ya miezi miwili akayapata tena: kinga aliyoipata ni ya aina ile moja, na safari hii amekutana na nyingine. Kirusi hutoka kwenye pua na koo la mgonjwa, kikasafiri kwenye matone na hewa anayoitoa, au kikabaki mikononi mwake na kwenye vitu alivyovishika, kisha kikaingia kwa mwingine kupitia pua au macho. Baridi haizai kirusi. Kama hakuna mtu aliyekuletea, hata ukitetemeka usiku kucha utapata baridi tu.

Dhana: "Kanyeshewa jana, leo ana mafua. Mvua ndiyo iliyomuuguza."

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa kila mtu ameiona kwa macho yake. Basi tuihesabu. Mtoto wa darasa la pili ananyeshewa Jumatano jioni akitoka shule. Alhamisi asubuhi anaamka koo linawasha, anapiga chafya, na ilipofika saa sita mchana kamasi jepesi linamtiririka. Mama anasema, "Si nilikwambia?"

Kirusi cha mafua kikishaingia puani hakionyeshi dalili papo hapo. Kinahitaji kwanza kuingia ndani ya chembe hai za utando wa pua, kizaliane, kisha mwili ukitambue na uanze kupambana nacho. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu, na mara nyingi ni kama mbili. Ukirudi nyuma kutoka Alhamisi asubuhi, unafika Jumatatu au Jumanne. Mvua ilikuwa haijanyesha. Cha kuuliza ni nani alikuwa anafuta kamasi kwa mkono siku hizo kwenye dawati lile, halafu akaazima penseli. Lakini nani anakumbuka penseli ya Jumatatu? Mvua ya jana kila mtu anaikumbuka, sare ikiwa bado inaning'inia kwenye kamba.

Kuna jambo la pili linalotupoteza hapo. Ugonjwa unapoanza, mtu mara nyingi husikia baridi hata kama hali ya hewa haijabadilika. Mwili unapambana, naye anatafuta sweta. Kesho yake kamasi likianza atasema "jana baridi iliniingia", na hasemi uongo, kwa kweli aliisikia. Ila baridi ile ilikuwa tayari ni dalili ya ugonjwa aliokuwa nao.

Jambo hili limejaribiwa kwa watu. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mafua kilichofunguliwa mwaka 1946 na kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 40. Watu walijitolea kuishi pale siku kama kumi, na siku za mwanzo walitengwa ili ihakikishwe kwamba hawakuja na mafua yao kutoka nyumbani. Katika jaribio moja, baadhi yao walioga maji ya moto, kisha wakasimama bila kujifuta kwenye ujia wenye upepo wa baridi kwa muda wa kama nusu saa, na baada ya hapo wakavaa soksi zilizolowa kwa saa kadhaa. Waliopata baridi tu bila kuwekewa kirusi puani hawakupata mafua. Huko Texas, mwaka 1968, yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine: safari hii watu waliwekewa rinovirusi, halafu baadhi yao wakapitishwa kwenye baridi. Baridi haikuongeza idadi ya walioambukizwa, wala haikufanya ugonjwa wao uwe mkali zaidi.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka visiwa vya Spitsbergen, kaskazini kabisa ya dunia. Watafiti walikaa huko majira ya baridi ya 1930 hadi 1931, katika mji wa wachimba makaa ya mawe uliofungwa na barafu kwa miezi mingi. Kama baridi ingekuwa inaleta mafua, watu wale wangekuwa hawaponi. Kumbe katikati ya baridi ile kali mafua yalikuwa karibu yamekwisha. Barafu ilipolegea na meli ya kwanza ikatia nanga, mafua yakalipuka mji mzima. Hali ya hewa ilikuwa inazidi kuwa nzuri. Kilichoongezeka ni wageni.

Je, baridi haina sehemu yoyote kabisa? Hapa inabidi tuseme ukweli wote. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Wales, waliwakalisha watu 90 na miguu yao ndani ya maji ya nyuzijoto 10 kwa dakika 20, na wengine 90 wakakaa na miguu mikavu kwenye beseni tupu. Katika siku chache zilizofuata, 13 wa kundi la maji walisema wana mafua, na 5 wa kundi la pili. Hakuna aliyepimwa kirusi; ni watu walijieleza wenyewe. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda waliougua walikuwa tayari wamebeba kirusi bila dalili, na baridi ya miguu ikabana mishipa ya damu ya puani, ulinzi wa pua ukapungua. Maabara ya Chuo Kikuu cha Yale nayo ilionyesha mwaka 2015, kwa kutumia chembe hai za njia ya hewa za panya, kwamba rinovirusi huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 33 kuliko 37, kwa kuwa kwenye ubaridi ule chembe hizo hujitetea kwa unyonge. Kwa hiyo inawezekana baridi ikamsaidia kidogo mgeni aliyekwisha kuingia. Kumleta haiwezi.

Dhana: "Feni ndiyo iliyonipa mafua."

Wanaosema hivi mara nyingi wanaeleza kitu cha kweli kilichowapata, ila wamekipa jina lisilo lake. Kulala na feni inakupiga usoni usiku kucha hukausha pua na koo. Unaamka koo limekauka, pua imeziba, sauti imekwaruza. Ukinywa maji au chai na kuanza shughuli zako, hali hiyo inapungua. Huo ni ukavu.

Hali ya pili ni vumbi. Zima pangaboi la chumbani, panda kwenye stuli, upitishe kidole kwenye ukingo wa bapa mojawapo, ule unaokata hewa. Kama halijafutwa muda mrefu, utakuta tabaka zito la vumbi la kijivu, limegandamana kama sufi chafu. Vumbi la nyumbani, pamoja na vijidudu wadogo wanaoishi kwenye magodoro na kustawi kwenye unyevu wa pwani, ni chanzo kikubwa cha mzio wa pua, yaani aleji. Feni inapozunguka inalirusha. Mwenye aleji ataanza chafya mfululizo, macho na pua vinawasha, kamasi ni jepesi kama maji, na hana homa. Haya humtokea ndani ya dakika chache baada ya kuingia chumbani, na hupungua akitoka. Mafua ya virusi hayaendi hivyo: huanza na koo, hupanda kwa siku mbili au tatu, kamasi huwa zito, na huisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, uwe na feni au usiwe nayo.

Anayesema ana mafua yasiyoisha mwaka mzima na kila usiku analaumu feni, afute mabapa kwa kitambaa kibichi, afue mashuka kwa maji ya moto, na aende kupimwa aleji. Na anayelala chumba kimoja na mgonjwa wa mafua afungue dirisha kwanza, ndipo awashe feni. Feni kwenye chumba kilichofungwa huzungusha hewa ileile. Dirisha likiwa wazi, inasaidia kuitoa nje.

Dhana: "Nywele mbichi hupitisha baridi kichwani hadi puani."

Kirusi hakipiti kwenye ngozi ya kichwa, na maji ya bombani uliyooshea nywele hayakuwa nacho. Nywele zilizolowa hupoza kichwa kwa muda, basi. Kama umepata mafua baada ya kwenda saluni, fikiria zile saa ulizokaa na wateja wengine kwenye chumba kidogo.

Hesabu ya siku inatuelekeza pia mahali pa kuangalia nyumbani. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia kaya kwa miezi kadhaa kuona nani anawaletea watoto wachanga kirusi cha RSV, ambacho kwa mtu mzima huwa mafua ya kawaida na kwa mchanga kinaweza kuwa hatari. Mara nyingi aliyekiingiza nyumbani alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa anayesoma shule. Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga amwambie yule wa shule anawe mikono kwa sabuni anaporudi, na asimbusu mdogo wake usoni akiwa na kamasi.

Mchanga mwenyewe mfunike, maana bado hawezi kutunza joto la mwili wake, na kupoa kwenyewe ni hatari kwake hata bila mafua. Ila nguo nyingi hazimzuii kupata nimonia, na hazimtibu. Akiwa na kikohozi, inua nguo, tazama kifua akiwa ametulia, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi asiyefika mitano, ni kupumua kwa haraka. Hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo.