Maziwa yanatoka na mtoto hakuna: wanayosema na ilivyo

“Hiyo ni mimba, anaficha tu.”

Mimba ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na kipimo cha mkojo kinamaliza ubishi. Tatizo ni kwamba kikionyesha hakuna, maneno hayaishi: katoa mimba, kizazi ni kichafu, atafutiwe mizizi ya kukisafisha. Kizazi hakina kosa hapo. Maziwa huamriwa na homoni ya prolaktini, itokayo kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ubongo huizuia tezi hiyo isitoe prolaktini nyingi kwa kuipelekea kemikali iitwayo dopamini. Kizuizi kikilegea, prolaktini hupanda na matiti huanza kutoa maziwa. Ikizidi, huzima pia ishara ambazo ubongo hutuma kuamsha mayai, ndiyo maana hedhi nayo hukatika. Mizizi ya kusafisha kizazi itasafisha pochi tu.

Ila kama kinachotoka ni damu, au ni titi moja tu linalotoa, hiyo ni habari nyingine: titi lenyewe lipimwe.

“Prolaktini ikiwa juu, basi kuna uvimbe kichwani.”

Hapa ndipo watu wanapotishwa bure. Chukua mfano wa dada wa miaka 29 anayeuza viazi Uyole. Hajaona siku zake miezi mitano, akibinya chuchu yanatoka maziwa pande zote mbili, hana mimba. Prolaktini yake inasoma nanogramu 118 kwa mililita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito wala asiyenyonyesha hutarajiwa isizidi 25 hivi. Kabla ya kutaja kipimo cha kichwa, daktari makini atamuuliza: unameza dawa gani?

Dada anakumbuka plasili, anayonunua duka la dawa kila tumbo likichafuka. Plasili ni metoklopramidi, na kazi yake ni kuizuia dopamini. Domperidoni hufanya hivyohivyo, na dawa nyingi za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na risperidoni. Anaambiwa aiache siku tatu, arudi kupimwa. (Dawa ya akili haiachwi hivyo, anayeamua ni daktari aliyeiandika.) Wengi wangeishia hapo, prolaktini ikashuka, hedhi ikarudi baadaye.

Yake inarudi 104. Plasili haikuwa sababu, au haikuwa peke yake. Kinafuata kipimo cha tezi ya shingo, TSH, kwa kuwa tezi ikizembea prolaktini hupanda, na huku Nyanda za Juu Kusini rovu si jambo geni. TSH ni nzuri, na figo, ambazo zikishindwa nazo huipandisha prolaktini, ziko sawa. Sasa ndipo MRI ya kichwa ina maana, nayo inaonyesha uvimbe wa milimita 6 kwenye pituitari.

Uvimbe wa chini ya milimita 10 huitwa mdogo. Si saratani, na mara nyingi haukui. Mkubwa hujitangaza kwa prolaktini iliyopita 200, maumivu ya kichwa, au mtu kuanza kujigonga kwenye milango kwa kutoona vizuri pembeni.

Namba iliyozidi kidogo tu, tuseme 35, irudiwe kabla ya yote. Hofu ya sindano huipandisha, na kujibinyabinya chuchu ili kuhakikisha kama maziwa bado yapo huendeleza maziwa yenyewe.

“Uvimbe lazima upasuliwe.”

Huu wa prolaktini hutibiwa kwa vidonge kwanza, hata ukiwa mkubwa. Dada wa Uyole anaanzishiwa kabegolini: nusu ya kidonge cha miligramu 0.5, mara mbili kwa wiki, baada ya chakula cha usiku. Usiku, kwa sababu dozi za mwanzo huleta kichefuchefu na kizunguzungu ukisimama ghafla. Akilala, sehemu kubwa inapita bila kuisikia. Bromokriptini, ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi kwa bei, humezwa kila siku na huchafua tumbo zaidi. Zote hufanya kazi ya dopamini: prolaktini hushuka na uvimbe hunywea. Damu hurudiwa baada ya mwezi hivi, dozi ikapandishwa pole pole kama haijatosha.

“Hedhi ikirudi, dawa imemaliza kazi.”

Akiacha hapo, prolaktini hupanda tena. Kwa uvimbe, dawa huliwa walau miaka miwili kabla ya kujaribu kuiacha, na kuacha kwenyewe ni kwa kupunguza huku damu ikipimwa.

Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Asiyetaka mtoto atumie kinga tangu wiki ya kwanza ya dawa, asisubiri kuona siku zake. Anayemtaka, apime mkojo mapema na amjulishe daktari. Kwa uvimbe mdogo kama huu, kwa kawaida dawa husimamishwa mimba ikishaingia, na prolaktini haipimwi tena kwa sababu mimba yenyewe huipandisha. Kinachofuatiliwa ni kichwa na macho. Kikianza kuuma mfululizo, au macho yakififia, asisubiri tarehe ya kliniki.