Seva Ikishajibu, Programu Ifanye Nini?

Programu ya simu inapoiomba seva jambo kupitia itifaki ya HTTP, jibu linalorudi huwa na namba ya tarakimu tatu iitwayo msimbo wa hali. Watu wengi wamewahi kuiona namba hiyo, hasa 404 inapojitokeza kwenye kivinjari, lakini haikuwekwa kwa ajili ya macho ya mtumiaji. Iliwekwa ili programu iliyotuma ombi ijue hatua inayofuata bila kulazimika kusoma maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya binadamu. Makala haya yanahusu hatua hiyo, na yatafuata mfano mmoja: mwanachama wa chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi anayelipa rejesho la mkopo la shilingi 5,000 kutoka akaunti yake ya akiba, akitumia programu ya simu ya chama chake.

Kiwango cha RFC 9110, kilichotolewa Juni 2022, kinaigawa misimbo hii katika makundi matano kwa kufuata tarakimu ya kwanza. Moja humaanisha ombi limepokewa na jibu la mwisho bado linakuja. Mbili, ombi limefaulu. Tatu, kuna hatua nyingine ya kuchukua ili ombi likamilike. Nne, ombi lenyewe lina kasoro au haliwezi kutekelezwa jinsi lilivyo. Tano, seva imeshindwa kutekeleza ombi ambalo yenyewe haioni kasoro ndani yake. Programu hailazimiki kuujua kila msimbo uliopo, ila inalazimika kulijua kundi. Ikipokea 477, ambao haijawahi kuusikia, inapaswa kuuchukulia kama 400, na namba iliyo nje ya 100 hadi 599 huchukuliwa kama kosa la seva. Kwa hiyo mwandishi wa programu aliyeandika kanuni ya kila kundi hatakwama siku seva itakapoanza kutoa msimbo mpya.

Kundi la kwanza halihitaji maneno mengi. Mwanachama akituma picha kubwa ya kitambulisho, programu inaweza kutanguliza vichwa vya ombi, yaani mistari yake ya mwanzo ya maelezo, vyenye `Expect: 100-continue`, kisha ikasubiri kidogo ione kama seva italikubali ombi kabla ya kumaliza data ya mwanachama bure. Ikijibiwa 100, inatuma picha na kuendelea kusubiri, kwa kuwa jibu la mwisho bado. Isipojibiwa kwa muda mfupi, inaruhusiwa kutuma picha vivyo hivyo.

Kundi la pili linaonekana rahisi, na pengine ndiyo sababu linatumiwa vibaya. 200 husema kazi imefanyika, na 201 husema kitu kipya kimeundwa, mara nyingi pamoja na kichwa cha `Location` chenye anwani ya kitu hicho. Lakini 202 husema tu kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Huenda kazi ikafanyika baadaye, na huenda isifanyike kabisa. Programu inayopokea 202 kisha ikamwonyesha mwanachama alama ya kijani na maneno “umelipa” inamwambia jambo ambalo seva haikulisema. Hatua sahihi ni kuonyesha kwamba malipo yanashughulikiwa, halafu kuuliza hali yake kwenye anwani ambayo seva imeitaja.

Ipo pia tabia ya baadhi ya mifumo kurudisha 200 hata pale kazi iliposhindikana, na kuliweka kosa ndani ya maandishi ya jibu. Naiona kuwa tabia mbaya kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila chombo kilicho njiani huiamini namba. Mfumo wa ufuatiliaji utahesabu mafanikio, hifadhi ya muda ya majibu inaweza kuliweka jibu la kosa na kulitoa tena kwa wengine, na programu haitarudia ombi ambalo ilistahili kulirudia.

Kundi la tatu huielekeza programu kwingine, au kama ilivyo kwa 304, huiambia itumie nakala ambayo tayari inayo. Hatari yake kwa mwanachama wetu imejificha kwenye mbinu ya ombi, yaani neno linalosema ombi linataka nini, kama `GET` ya kusoma au `POST` ya kutuma. Tuseme chama kimehamisha huduma yake kutoka anwani ya `http` kwenda ya `https`, na seva ya zamani inajibu kila ombi kwa 301. Programu ya zamani inatuma rejesho kwa `POST`, inapokea 301, kisha inafuata anwani mpya. Kwa sababu za kihistoria, kiwango kinaruhusu `POST` igeuzwe kuwa `GET` inapofuata 301 au 302. Ombi linalofika kwenye anwani mpya basi si la kulipa tena, bali ni la kusoma orodha ya marejesho. Seva inajibu 200 kwa uaminifu kamili, na programu inatangaza mafanikio ilhali hakuna shilingi iliyohama. Dalili yake katika kumbukumbu za seva ni `GET` inayoifuata `POST` mara moja, kutoka simu ileile. Dawa ni kutumia 308 kwa uhamisho wa kudumu au 307 kwa uhamisho wa muda, kwani yote miwili hairuhusu mbinu kubadilishwa.

Katika kundi la nne, kanuni ya msingi ni kutolirudia ombi lilelile bila kubadilisha chochote. Ikiwa namba ya akaunti haikuandikwa vizuri na seva imejibu 400, kutuma tena mara kumi kutaleta 400 kumi. 401 huitaka programu ijitambulishe upya, pengine kwa kumrudisha mwanachama kwenye ukurasa wa kuingia, ilhali 403 humaanisha kwamba seva imelielewa ombi na imekataa, hivyo kujitambulisha upya kwa kitambulisho kilekile hakutasaidia. Msimbo mmoja unaotoka nje ya kanuni ni 429, ulioingizwa na RFC 6585 mwaka 2012: ombi lenyewe ni sahihi, ila yametumwa mengi mno kwa muda mfupi. Hapa programu hungoja, na seva ikiwa imetaja muda katika `Retry-After`, muda huo ndio unaofuatwa.

Kundi la tano ndilo linalostahili kuchambuliwa zaidi, kwa kuwa msimbo wake mara nyingi hauwezi kuiambia programu jambo inalotaka kulijua zaidi ya yote, yaani kama fedha zimekatwa au la. Turudi kwa mwanachama wetu mwishoni mwa mwezi, wakati mfumo mkuu wa chama umelemewa. Anabonyeza “Lipa”, na programu inatuma `POST /marejesho`. Ombi linapita kwanza kwenye lango, yaani seva ya mbele ambayo imepangwa kuusubiri mfumo mkuu kwa sekunde 30. Mfumo mkuu unachukua sekunde 41. Ikifika sekunde ya 30, lango linakata tamaa na kuijibu programu 504. Mfumo mkuu haujui hilo. Unaendelea na kazi, unakata shilingi 5,000 katika sekunde ya 41, na kuandika 201 kwenye kumbukumbu zake, jibu ambalo halitamfikia mtu.

Programu iliyoandikwa kurudia kila kosa la kundi la tano itatuma `POST` nyingine, na mwanachama atakatwa shilingi 10,000. Mhasibu atakuta malipo mawili ya kiasi kilekile yaliyopishana kwa sekunde chache. Akimwomba fundi alinganishe kumbukumbu, wataona kwamba kwa ombi la kwanza lango liliandika 504 na mfumo mkuu ukaandika 201. Pale lango na mfumo mkuu vinapotofautiana hivyo, chanzo kimepatikana.

Kiwango kimeliona tatizo hili. Kinatofautisha mbinu ambazo kuzirudia hakubadilishi matokeo yaliyokusudiwa, kama `GET`, `PUT` na `DELETE`, na `POST`, ambayo haina hakikisho hilo. Za kwanza programu inaweza kuzirudia yenyewe. Ya mwisho haipaswi kuirudia yenyewe, isipokuwa ina njia ya kujua kwamba marudio hayatadhuru au kwamba ombi la kwanza halikutekelezwa kamwe. Kanuni ni hiyohiyo pale ambapo hakuna jibu lililorudi kabisa, kwa mfano mtandao ulipokatika matatu ikiingia mahali pasipo na mawimbi.

Wengine hujaribu kujinasua kwa kuuliza kwanza: programu hutuma `GET` kuangalia kama rejesho lipo, na ikipata 404 hutuma `POST` upya. Njia hii haitoshi. Katika mfano wetu, swali likiulizwa kwenye sekunde ya 35 litajibiwa 404, na rejesho litaandikwa sekunde sita baadaye. Njia iliyo imara ni programu kuunda namba ya kipekee ya muamala kabla ya kutuma ombi la kwanza, kuihifadhi kwenye simu, na kuitumia namba hiyohiyo katika kila marudio:

```
PUT /marejesho/7f3a-0192 HTTP/1.1
```

Seva inapoipokea namba hiyo kwa mara ya kwanza, inakata fedha na kujibu 201. Ikiipokea tena, inajibu 200 na kuonyesha rejesho lililokwisha kuandikwa. Kutaja `PUT` peke yake hakuleti usalama huo. Hifadhidata ya chama ndiyo inayopaswa kukataa namba moja kuandikwa mara mbili, hata maombi mawili yakifika kwa pamoja.

Baada ya hapo, kinachobaki ni muda wa kurudia. Seva iliyolemewa inaweza kujibu hivi:

```
HTTP/1.1 503 Service Unavailable
Retry-After: 120
```

Hapo programu inangoja sekunde 120. Pasipo na maelekezo, inafaa kungoja sekunde 1, kisha 2, 4, na 8, ikiongeza kila mara muda mfupi wa kubahatisha ili simu za wanachama zisirudi kugonga mlango kwa mpigo mmoja na kuiangusha tena seva iliyoanza kupata nafuu. Majaribio yakiisha bila jibu la uhakika, programu iache.

Maneno yatakayotokea kwenye skrini wakati huo ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Programu ikiandika “Malipo yameshindikana”, mwanachama atabonyeza “Lipa” upya, na ikiwa kila mbonyezo unaunda namba mpya ya muamala, yeye mwenyewe atakuwa amesababisha malipo mawili ambayo programu ilijitahidi kuyazuia. Baada ya 504 iandike kwamba matokeo bado hayajajulikana, iionyeshe namba ya muamala ili ofisi iweze kuitafuta, na itunze namba hiyo nyuma ya kitufe cha “Lipa” hadi seva itakapotoa jibu la kundi la pili au la nne linalosema wazi hatima ya muamala huo; 202, 401 na 429 hazihesabiki hapa, kwa kuwa hazisemi kama ombi la awali lilitekelezwa.