Barua pepe ya bima inayouliza mishahara ya mwaka

"Bima nimeshalipa yote. Hii barua pepe ya kutaka jumla ya mishahara ni mbinu ya kuniongezea ada."

Kwa bima ya wafanyakazi, ambayo ada yake hutegemea mishahara unayolipa kama mwajiri, ulicholipa mwanzoni ni ada ya makadirio. Tuseme ulikadiria mishahara ya mwaka kuwa 10,000,000, kwa kiwango cha asilimia 1, ukalipa 100,000. Mwaka umeisha na mishahara halisi ni 8,000,000: ada inashuka hadi 80,000, na 20,000 zinarudi kwako, isipokuwa mkataba umeweka kima cha chini cha ada. Mishahara ikizidi makadirio, unaongeza. Ukikaa kimya, marejesho hayo huyapati.

Jaza mishahara ghafi, pamoja na malipo ya saa za ziada na ya vibarua. Wengi, kwa bahati mbaya, huandika kinachobaki baada ya makato.