Kurasa 70 kwenye slaidi tano: jihadhari na tanbihi

Ripoti ndefu ikiletwa kwangu niitengenezee slaidi za wakurugenzi, siisomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwanza namuuliza aliyenipa kazi maswali mawili: kikao kitatakiwa kuamua nini, na kipengele hiki kimepewa dakika ngapi kwenye ajenda? La pili hujibiwa upesi. La kwanza mara nyingi hujibiwa hivi: "Wanataka tu kujua kilichomo." Jibu hilo silipokei kirahisi. Mkurugenzi mwenye vikao vinne kwa siku haketi kusikiliza kilichomo. Anataka kujua anaombwa akubali nini, kwa gharama gani, na kitatokea nini akikataa. Usipoujua uamuzi huo huna kipimo cha kuchagua, na utaishia kutengeneza ripoti ileile kwa herufi kubwa zaidi.

Nikishaujua uamuzi naanza kusoma, lakini kwa kurudi nyuma. Naanzia kwenye mapendekezo, ambayo kwa kawaida yako mwishoni, kisha nafuata kila pendekezo hadi kwenye takwimu lililojengwa juu yake. Kazi hii naifanya kwenye karatasi yenye safu tatu: dai, ukurasa lilipotoka, na limehesabiwa kutokana na nini. Safu ya tatu ndiyo inayochosha, na ndiyo wengi wanaoiruka. Hapo ndipo muhtasari unapoharibika.

Ngoja nitumie mfano niliojitungia, nisije nikaanika ripoti ya mtu. Tuseme kampuni ina maghala matatu, A, B na C, na wateja wanalalamika kwamba mizigo inachelewa. Timu imechunguza kwa miezi sita na kuandika ripoti ya kurasa 70. Ukurasa wa 12 unasema kati ya oda 12,400, zilizochelewa ni 2,232, yaani asilimia 18. Ukurasa wa 31 unasema asilimia 65 ya oda zilizochelewa zilisubiri ukaguzi kwa zaidi ya saa 4 kabla ya kupakiwa. Ukurasa wa 62 unapendekeza zamu ya pili ya wakaguzi katika maghala yote matatu.

Mtu mwenye haraka anapata slaidi zake papo hapo: asilimia 18 zinachelewa, asilimia 65 ya tatizo ni ukaguzi, tuongeze wakaguzi kila ghala. Hoja inateleza vizuri na mkutano utaipitisha.

Ila chini ya ukurasa wa 31 kuna tanbihi ya mistari miwili kwa herufi ndogo: muda wa kusubiri unarekodiwa Ghala A peke yake. Kwa hiyo ile asilimia 65 ni oda 585 kati ya 900 zilizochelewa katika Ghala A. Oda nyingine 1,332 za B na C hakuna anayejua zilikwama wapi. Huenda ni ukaguzini, huenda ni barabarani. Ukizigawa zile 585 kwa ucheleweshaji wote wa kampuni unapata asilimia 26, robo na kidogo. Data ni ileile, lakini sasa inabeba hoja ndogo zaidi.

Hakuna aliyedanganya. Mwandishi wa ripoti aliiweka tahadhari yake panapostahili, na msomaji makini wa kurasa 70 angekutana nayo. Ila anayefupisha huchukua sentensi kuu na kuiacha tanbihi, maana tanbihi ndiyo inayoonekana kama kitu cha kupunguza. Kila hatua ya kufupisha inapunguza tahadhari kwa kasi kuliko inavyopunguza madai. Mwisho wake ni slaidi yenye uhakika ambao ripoti yenyewe haina.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Chombo cha anga cha Columbia kilirushwa tarehe 16 Januari 2003, na wakati wa kupaa kipande cha povu kilichomoka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaandalia viongozi wa NASA slaidi kuhusu madhara yanayoweza kuwa yametokea. Kichwa cha slaidi mojawapo kilitoa picha ya faraja, kwamba data za majaribio ya zamani zilikuwa upande wa usalama. Chini kabisa, kwenye nukta ya mwisho, ndipo palipoandikwa kwamba hali halisi ilikuwa mbali sana na majaribio hayo: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa cha inchi za ujazo 1,920, ilhali kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa cha inchi za ujazo 3. Tofauti ni mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Bodi iliyochunguza ajali hiyo iliizungumzia slaidi hiyo katika ripoti yake, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeweza kuisoma bila kutambua kwamba inahusu hatari ya uhai. Sisemi slaidi ndiyo iliyoangusha chombo. Sababu zilikuwa nyingi. Nasema tahadhari ilikuwepo, imeandikwa, na bado haikufanya kazi yake, kwa sababu ilikaa mahali ambapo jicho la mtu mwenye shughuli nyingi halifiki.

Kanuni ninayoifuata kutokana na hayo ni moja: tahadhari inayoweza kubadilisha uamuzi inakaa kwenye kichwa cha slaidi, ndani ya sentensi ileile yenye dai. Haiendi kwenye nukta ya tano, wala kwenye kiambatisho, wala kwenye maelezo ya msemaji. Tahadhari zisizobadilisha uamuzi, kwa mfano kwamba oda 40 zilifutwa kwenye hesabu kwa kukosa tarehe, hizo zibaki kwenye ripoti. Utazitofautishaje? Jiulize: kama jambo hili lingekuwa kinyume, tungeomba kitu kilekile? Oda 40 kati ya 12,400 hazigeuzi chochote. Maghala mawili yasiyo na kumbukumbu yanageuza kila kitu.

Hapo lakini kuna mpaka. Mimi ni mfupishaji, sina mamlaka ya kubadilisha pendekezo la ripoti. Nikigundua kwamba pendekezo ni pana kuliko ushahidi wake, namwandikia mwandishi: "Ukurasa wa 62 unaomba zamu ya pili maghala yote, na ukurasa wa 31 una data ya Ghala A tu. Kuna ushahidi mwingine ambao sikuuona?" Wakati mwingine upo, umefichama kwenye kiambatisho. Usipokuwepo, mwandishi ndiye anayelipunguza pendekezo, na anafanya hivyo kwa maandishi. Kulirekebisha kimyakimya kwenye slaidi, hata kama uko sahihi, ni kuwaletea wakurugenzi hati mbili zinazopingana, na mmoja wao lazima ataiona.

Tuseme mwandishi amekubali. Sasa naandika vichwa vya slaidi kwenye hati ya kawaida kabla ya kugusa chati yoyote. Kila kichwa ni sentensi kamili yenye kitenzi. "Hali ya ucheleweshaji" ni jina la sura, halisemi kitu. Vyetu vitakuwa hivi:

1. Tunaomba idhini ya zamu ya pili ya ukaguzi Ghala A kwa wiki 8, na agizo kwamba B na C waanze kurekodi muda wa kusubiri.
2. Katika miezi sita, oda 2,232 kati ya 12,400 zilichelewa.
3. Ghala A, oda 585 kati ya 900 zilizochelewa zilikwama ukaguzini. B na C hatujui, kwa kuwa muda haurekodiwi.
4. Zamu ya pili inahitaji wakaguzi 6, na haitagusa ucheleweshaji wa barabarani.
5. Baada ya wiki 8 zamu itaendelea ikiwa oda zinazokwama zimepungua kwa nusu; la sivyo itasitishwa.

Ombi linakaa mwanzoni. Wengi hulificha hadi slaidi ya mwisho wakidhani wanajenga hoja taratibu, lakini mkurugenzi asiyejua anaombwa nini huanza kuuliza maswali ya kubahatisha kwenye slaidi ya pili, na dakika zinaishia hapo. Pia wapo wanaoitwa nje baada ya dakika tatu. Huyo aondoke angalau amelisikia ombi.

Kisha navisoma vichwa peke yake, kimoja baada ya kingine, bila kitu kingine chochote. Kama haviunganiki kuwa aya moja inayoeleweka, hakuna chati itakayovinusuru. Kwenye PowerPoint fungua `View`, kisha `Outline View`, na vichwa vyote vitajipanga upande wa kushoto. Angalia slaidi isiyoonyesha kichwa hapo: maana yake mtu ameandika kichwa kwenye kisanduku cha kawaida cha maandishi badala ya sehemu yake maalumu. Ni kasoro ndogo, lakini ukilitegemea zoezi hili utadhani kuna slaidi tupu.

Chini ya kila kichwa naweka kitu kimoja tu kinachokithibitisha. Kwa slaidi ya tatu zinatosha pau tatu, moja kwa kila ghala: ya A imegawanywa kati ya zilizokwama ukaguzini na zilizobaki, za B na C zina rangi ya kijivu na maneno "muda haurekodiwi". Hizo pau za kijivu usizifute ili chati ipendeze. Ndizo zinazoeleza kwa nini ombi lina sehemu mbili.

Kuhusu namba, naandika idadi kabla ya asilimia, na asilimia ikitumika lazima isemwe ni ya nini. "Asilimia 65" ikiachwa peke yake itarudiwa kwenye korido kama asilimia 65 ya kampuni nzima, hata kama wewe hukumaanisha hivyo. Makadirio yafanane pia: ukiandika "takriban 2,200" slaidi moja na "2,232" nyingine, mtu wa fedha atakuuliza zile 32 zimekwenda wapi.

Kwenye kona ya chini ya kila slaidi naandika ukurasa wa ripoti, kwa herufi ndogo: uk. 12, uk. 31. Zile safu tatu za mwanzoni ndizo zinazonipa namba hizo. Mkurugenzi akitilia shaka, ripoti inafunguliwa palepale. Na mwandishi akitoa toleo jipya siku moja kabla ya kikao, kama wanavyopenda kufanya, sihitaji kuisoma upya yote. Nafungua kurasa nilizozitaja, nalinganisha namba, na narekebisha slaidi iliyoguswa. Tarehe ya toleo la ripoti naiweka kwenye slaidi ya kwanza, maana slaidi husambazwa kwa simu na hubaki huko muda mrefu baada ya ripoti yenyewe kubadilika.