Vichupa vine na ile gazi: mmea unapumua hata mchana

Kila mwaka wakati wa maandalizi ya Egzeta, wazazi na finalisti wanakuja kwetu kwenye laboratwari hapa Bukavu na kikaratasi cha item za biolojia, na swali linalowasumbua sana ni la vichupa vine. Si kwamba watoto hawakusoma, wanajua ekwasio zote mbili kwa kichwa, shida ni kwamba wamezisoma kama vitu viwili vinavyokatazana: mchana fotosentezi, yaani mmea unachukua gazi karboniki na kutoa oksijeni, usiku respirasio, yaani unapumua, unatumia oksijeni na kutoa gazi karboniki, kama vile gardi wawili wanapokezana zamu. Na hapo njo wanaanguka.

Acha nieleze jinsi tunavyofanya. Tunatia maji safi ndani ya vichupa vine vya kioo, tunaongeza matone kidogo ya bulu ya bromotimoli, halafu tunapuliza ndani na mrija wa kunywea soda mpaka rangi inatoka bulu inakuwa kijani. Pumzi yetu iko na gazi karboniki, hiyo gazi ikiingia mu maji inafanya asidi kidogo, na ile dawa inaonyesha: gazi ikiwa mingi maji yanakuwa njano, ikipungua yanarudi bulu, katikati ni kijani. Kwa hiyo unachosoma pale ni gazi karboniki, si oksijeni, kumbuka hiyo juu swali lenyewe huwa linajaribu kukuchanganya.

Kichupa cha kwanza hakina kitu ndani. Cha pili kina majani ya majini, yale tunayotoa kandokando ya Kivu, na tunakiweka mbele ya taa. Cha tatu kina majani yaleyale, lakini tunakifunga na aliminiumu ya jikoni ili mwangaza usiingie hata kidogo. Cha nne kina konokono wa majini peke yake, nacho mbele ya taa (ukimshika huyo konokono vaa magla, wengine wanabeba bilharzia). Unafunika vyote vizuri, unangoja masaa kadhaa.

Ukirudi unakuta cha kwanza bado kijani, cha pili bulu, cha tatu njano, cha nne njano. Cha kwanza watu wanakidharau ati hakina kazi, kumbe njo kinakuambia kwamba taa peke yake haibadilishi rangi. Kama na chenyewe kimegeuka, basi kifuniko kinavuja ao kichupa hakikuoshwa vizuri, usijibu kitu, anza upya.

Sasa item inauliza: ndani ya kichupa cha pili ni nini kinafanyika? Na jibu ambalo karibu kila mtoto anachagua ni "fotosentezi peke yake". Ni kosa. Jibu ni zote mbili. Ile bulu haisemi kwamba mmea umeacha kupumua, inasema tu kwamba gazi iliyochukuliwa imepita gazi iliyotolewa. Fikiria mama mmoja anayeuza samaki kule Kadutu, asubuhi alitoka na franga 5 000 mu mfuko, jioni anarudi na 8 000. Utasema siku nzima hakutumia hata franga moja? Alikula, alilipa transpor, alilipa kodi ya soko, unachoona ni kile kilichobaki.

Na tunaweza kuhesabu kabisa. Chukua maji yenye oksijeni miligramu 5 kwa litri moja, yatie ndani ya vichupa viwili vyenye majani sawasawa, kimoja kwenye mwangaza, kingine kwenye giza. Kisha saa moja unapima: cha giza kimeshuka mpaka 3, cha mwangaza kimepanda mpaka 8. Cha giza kimekuonyesha respirasio yenyewe, ni 2. Cha mwangaza kimeonyesha faida, ni 3. Lakini ili kubaki na faida ya 3 huku ikitumika 2, ilipaswa fotosentezi itoe 5, yaani 8 kutoa 3. Watoto wengi wanaandika 3 wanafunga kopi. Hii si mchezo wa shule tu, wanasayansi Gaarder na Gran walipima bahari hivihivi kule Norveji mwaka 1927, na mpaka leo wanaopima maji ya ziwa wanatumia njia hiyo. Iko na upungufu wake, tunahesabu kama vile jani linapumua kiasi kilekile mchana na usiku, na kwa kweli mwangaza unapunguza ile respirasio kidogo, lakini kwa Egzeta hesabu iko sawa.

Sasa tuje kwa nini kinaingia, nini kinatoka, na wapi. Ndani ya majani, fotosentezi inafanyika kwenye kloroplasti: gazi karboniki na maji vinaingia, sukari na oksijeni vinatoka. Respirasio inaanzia sitoplazma, pale glukozi inakatwa vipande viwili bila kuhitaji oksijeni, halafu inamalizika mu mitokondri, na huko njo oksijeni inatumika. Mtu akiandika "mitokondri" peke yake tunamtolea pointi nusu.

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O

Ukiangalia hiyo ekwasio utafikiri kwamba oksijeni tunayovuta inatoka tena kama gazi karboniki. Hapana. Oksijeni tunayovuta inaishia ndani ya maji, yale upande wa kuume. Na kwa fotosentezi ni kinyume, oksijeni inayotoka kwa jani inatoka kwa maji, haitoki kwa gazi karboniki. Wanasayansi Ruben na Kamen na wenzao walionyesha hiyo mwaka 1941, walimpa mwani maji yenye oksijeni nzito, ile ya 18, na wakaikuta mu oksijeni iliyotoka. Kwa hiyo ukiulizwa "oksijeni ya hewa inaenda wapi" jibu ni maji, mu mitokondri, na ukiulizwa "inatoka wapi" jibu ni maji tena, mu kloroplasti. Mimi naona hilo swali ni zuri kuliko yote, sababu huwezi kulijibu kwa kukariri.

Kuna na swali la muhogo. Seli ya mzizi wa muhogo iko na nini? Haina kloroplasti, iko chini ya udongo, haioni jua, lakini inapumua mchana na usiku kama konokono wetu wa kichupa cha nne, na sukari yake inashuka kutoka kwa majani. Njo maana shamba likijaa maji mizizi inaoza, hewa haifiki mu udongo.

Halafu kuna mzazi mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba maua chumbani usiku yanaweza kuua mtu, "sawa vile mazuku ya Goma". Mazuku ni gazi karboniki kweli, lakini inatoka chini kwa volkano, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mu mashimo na mabonde ya kule Goma na Sake, haina uhusiano na kupumua kwa mmea. Ua moja la mu chungu likipumua usiku halifiki hata desilitri moja ya gazi kwa saa, wakati mtu mzima aliyelala anatoa zaidi ya litri 10. Nikamwambia, mama, kama ni kuogopa gazi basi umwogope kwanza baba watoto, yeye njo anamaliza hewa ya chumba.