Antibiotiki hazizibui mrija: dhana potofu kuhusu maambukizi ya nyongo

Dhana: Homa ya nyongo ikirudi, dawa ilikuwa dhaifu. Apewe kali zaidi.

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayopoteza maisha ya watu.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52 aliyefika hospitali akitetemeka, homa nyuzi 39, macho ya manjano, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Homa, manjano na maumivu hayo yakikutana, daktari hufikiria mara moja maambukizi ya mrija wa nyongo. Akaanzishiwa antibiotiki: seftriaksoni gramu 2 kwa siku, pamoja na metronidazo. Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu ikapanda tena, na presha ikaanza kushuka. Ndugu wakaomba dawa kali.

Ultrasaundi ilionyesha mrija uliotanuka hadi milimita 12, ilhali kwa kawaida hauzidi 6 au 7. Kwenye ncha yake ya chini kilikuwa kimekwama kijiwe. Nyongo inayotuama hivyo huweza kujaa usaha, na shinikizo lake husukuma bakteria kurudi kwenye ini na kuingia kwenye damu. Wakati huohuo dawa hushindwa kupenya vya kutosha ndani ya nyongo, kwa kuwa ini haliitiririshi tena nyongo vizuri. Dawa kali nayo ingekuta mlango uleule umefungwa.

Alipitishiwa endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera, mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, mlango wa mrija ukapanuliwa, usaha ukamwagika, akaachiwa kijibomba cha plastiki. Kesho yake homa ilikuwa imeshuka, na dawa zilikuwa zilezile. Pasipo na endoskopi, bomba huweza kupitishwa kwenye ngozi na ini, au mrija ukafunguliwa kwa upasuaji. Presha ikishashuka au mgonjwa akichanganyikiwa, rufaa isingoje kesho.

Dhana: Basi antibiotiki zinaweza kusubiri.

La. Ndizo zinazomshikilia mgonjwa hadi mrija ufunguliwe. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kwanza, kisha dawa ianze bila kuchelewa. Seftriaksoni huwapata wengi wa bakteria wa utumbo, lakini haiwawezi wale waitwao enterokoka. Mgonjwa mahututi huhitaji dawa pana zaidi, kama piperasilini na tazobaktamu. Mrija ukishafunguka vizuri, siku 4 hadi 7 kwa kawaida hutosha.

Dhana: Mfuko wa nyongo ukiambukizwa, dozi ikiisha umepona.

Hapa kijiwe huwa kimeziba shingo ya mfuko, na mara nyingi macho hayawi manjano. Maumivu yanaweza kutulia kwa dawa, lakini kijiwe kipo. Tiba ni kuutoa mfuko, ikiwezekana katika siku za mwanzo. Asiyeweza kuhimili upasuaji huwekewa bomba la kuukamua.

Yule mama naye alihitaji kuutoa, maana mfuko wenye vijiwe huteremsha vingine mrijani. Na kijibomba chake cha plastiki kilipaswa kutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3 hivi, kwa sababu chenyewe huziba, na homa ileile ikarudi.